Projekta ipi inunuliwe kwa sinema ya bure ya mtaani? Mpangilio wetu, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Mfano tutakaoutumia ni huu: mtaa wa Dar es Salaam, uwanja wa shule ya msingi, watu 150 wamekaa kwenye mikeka na mabenchi, hakuna kiingilio. Picha inayowatosha ni ya upana wa mita 4 na urefu wa mita 2.25, yaani mita za mraba 9. Anayekaa mbali zaidi asizidi mita 14 hivi kutoka kwenye kitambaa, la sivyo atakuwa anasikiliza redio.

Pesa nyingi iende kwenye mwanga. Ukichukua lumeni za projekta, yaani kipimo cha mwanga wake wote, ukagawa kwa eneo la picha, unapata mwanga unaofika kwenye kila mita ya mraba. Projekta ya lumeni 3,500 kwa mita 9 inatoa takriban 390, na hata taa yake ikichakaa hadi nusu, bado picha ni safi. Sasa linganisha na taa ya barabarani iliyo karibu, ambayo inaweza kumwaga 10 au zaidi juu ya kitambaa hichohicho. Kwa hesabu hiyo, tunazipanga hivi.

Ya kwanza: projekta ya ofisini ya 3LCD, yaani yenye paneli tatu ndogo za rangi ndani, lumeni 3,000 hadi 4,000, hata ikiwa mtumba. Ndiyo tunayoipendekeza kwa kikundi kitakachoonyesha filamu zaidi ya mara tatu au nne kwa mwaka. Tafuta iliyoandikwa *WXGA* au *1080p* kwenye *Native Resolution*, yaani vidoto halisi vya picha yake, si ile inayosema tu kwamba "inakubali" 1080p. Kabla ya kulipa mtumba, fungua menyu usome *Lamp Hours*, yaani saa ambazo taa imetumika, kisha uonyeshe ukurasa mweupe mtupu kwenye ukuta. Ukiona mabaka ya njano au ya bluu, iache hapohapo dukani: hizo ni paneli za ndani zilizoungua, na kubadilisha taa hakutaponya. Taa iliyochoka peke yake si tatizo kubwa, ila ulizia bei ya taa mpya kwanza, maana wakati mwingine inakaribia bei ya projekta yenyewe.

Ya pili: kukodi hiyohiyo kwa usiku mmoja. Kama ni tukio la mara moja, hii inapanda kuwa ya kwanza. Ichukue mchana, iwashe nusu saa mbele ya mwenye nayo, na hakikisha umepewa waya wake wa umeme na rimoti.

Ya tatu: projekta ya DLP, yaani inayochora picha kwa vioo vidogo vingi, ya bei ya chini, lumeni 3,000 na kuendelea. Nyeupe yake inang'aa, lakini rangi hufifia kuliko za 3LCD yenye lumeni zilezile. Vidoto vyeupe visivyohama kwenye picha ni vioo vidogo vilivyokwama, na huongezeka kadiri siku zinavyokwenda.

Ya nne: televisheni ya inchi 65. Kwa watu 30 barazani haina mpinzani. Kwa 150, safu ya nne haioni kitu.

Ya mwisho: vile viprojekta vidogo vya LED vinavyouzwa mtandaoni kwa "lumeni 9,000". Namba hiyo si *ANSI Lumens*, yaani mwanga uliopimwa kwa kipimo rasmi, na vingi havifikishi hata 300 za kweli. Gawa 200 kwa mita 9: unabaki na 22. Uso wa mtu mweusi kwenye tukio la usiku utapotea kabisa. Viacheni chumbani.

Kitambaa msikitafute mbali. Shuka jeupe hupitisha mwanga nyuma na hukunjamana. Nendeni kwa wachapaji wa mabango mkaagize turubai la flex jeupe lisilochapwa kitu, lisilong'aa, lenye mgongo mweusi, mita 4.4 kwa 2.6, na matundu ya chuma kila nusu mita. Hatari ni upepo. Eneo la mita 9 likipigwa na upepo mkali wa pwani husukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 50, kwa hiyo nguzo mbili zilizochimbiwa bila kamba za kuzivuta nyuma zitaanguka, na zitaanguka upande wa watoto. Fungeni juu kwa kamba, chini kwa mpira wa tairi la baiskeli ili turubai lipumue. Ukingo wa chini uwe mita 1.2 kutoka ardhini.

Projekta nyingi za ofisini zinahitaji umbali wa mara 1.5 ya upana, yaani mita 6 hapa. Maana yake inakaa katikati ya watazamaji. Iwekeni kwenye meza ndefu, zungusheni kamba, la sivyo nusu ya filamu itakuwa vivuli vya mikono.

Sauti inataka spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, zisimame kwenye stendi pembeni mwa kitambaa. Tumieni waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na midomo ikianza kupishana na maneno watu huanza kucheka pasipo pa kucheka. Mkisikia mvumo wa "mmmm", chomoeni chaja ya laptopu. Ukikoma, tatizo ni umeme wa chaja, si spika.

Mzigo wote ni takriban wati 600. Kijenereta cha wati 950 kitaonekana kinatosha, lakini kwa kazi ya mfululizo hutoa pungufu ya hapo, umeme unashuka besi ikipiga, na projekta inazima. Chukueni cha kVA 2, kikae mita 30 mbali, nyuma ya jengo, waya wa ekstensheni wa milimita za mraba 2.5. UPS ndogo kwa ajili ya projekta peke yake inaipa nafasi ya kupoa umeme ukikatika. Kuzima ghafla kunaweza kufupisha maisha ya taa.

Vibali vianze wiki tatu kabla. Barua ya kwanza inakwenda kwa mtendaji wa mtaa, ikitaja mahali, tarehe, saa, idadi ya watu na jina la filamu. Nakala yake ipelekwe kituo cha polisi, na mwalimu mkuu atoe ruhusa ya uwanja kwa maandishi. Bodi ya Filamu ndiyo inayoruhusu filamu na kuipangia umri wa watazamaji, chini ya Sheria Na. 4 ya 1976. Halafu kuna hakimiliki, ambapo wengi huteleza wakidhani bure ni salama. Kuonyesha hadharani ni haki ya mwenye kazi, mtoze kiingilio msitoze. Akaunti ya Netflix ni ya matumizi binafsi, na filamu iliyotafsiriwa na DJ wa kibanda umiza haina mwenye kibali.

Njia nyepesi ni kumtafuta mtayarishaji wa filamu ya Kiswahili awape barua. Wengi hukubali wakiambiwa jina lao litatajwa na hakuna mauzo. Kiswahili chenyewe ni sharti: bibi na mtoto wa miaka 6 hawafuati maandishi ya tafsiri. Chagueni isiyozidi dakika 90, yenye matukio mengi ya mchana. Itazameni yote watu watatu, mmoja wao mama mwenye watoto, kwa kuwa tukio moja la kitandani litaondoa nusu ya mkeka. Kwa kuanzia, wakati watu wanaingia, Big Buck Bunny ya 2008 ni katuni ya dakika 10 isiyo na maneno, na leseni yake inaruhusu kuionyesha mradi watengenezaji watajwe.

Giza la kutosha linakuwapo saa moja na nusu usiku mwaka mzima. Kama msikiti uko jirani, anzeni saa mbili na robo baada ya Isha, na mwezi wa Ramadhani msipange kabisa kwa sababu ya tarawehe.