Hema la mtumba kwa picha ya Watsapu: soma fito kabla ya kutuma hela

Mahema mengi ya mtumba yanayozunguka Moshi na Arusha huuzwa yakiwa yamekunjwa. Unatumiwa picha moja: mfuko, kitambaa kilichoviringishwa, mafungu ya fito, kimfuko cha vigingi na kamba. Chini yake maneno ni yaleyale: "La watu watatu, liko kamili bosi." Kitambaa kilichokunjwa hakikwambii kitu, hata rangi yake inaweza kuwa ya upande wa ndani tu. Fito ndizo zinazokwambia ni hema la namna gani, kubwa kiasi gani, na kama kweli liko kamili.

Ninazipanga hapa aina tano za mahema, kuanzia linalofaa zaidi, kwa mtu anayetaka hema moja tu, la kupanda nalo Kilimanjaro na la kulala nalo Duluti au Ziwa Chala wikiendi.

Namba moja ni kuba la fito mbili za aluminiamu. Kwenye picha utaona mafungu mawili ya vijiti vyembamba vilivyoungwa kwa lastiki ya ndani, yenye idadi sawa ya vipande na urefu sawa. Lazima yalingane, kwa sababu fito hizo hupishana juu kutoka pembe hadi pembe. Likiwapo fungu la tatu, fupi, usishtuke. Hilo kwa kawaida hushikilia kibaraza cha mlangoni au hupita juu kutanua paa. Kuba husimama lenyewe hata kabla ya kigingi kuingia ardhini, na pale kambi ya Barafu kwenye Kilimanjaro, mita 4,673, ambako unalala juu ya mawe, hiyo ndiyo sifa ya kwanza ninayoitafuta.

Ukubwa unaweza kuukadiria ukiwa kwako. Mwombe muuzaji aweke karatasi ya A4 kando ya fungu la fito, apige picha kwa juu, si kwa pembeni. Karatasi hiyo ina urefu wa sentimita 29.7. Chukua picha ambayo kipande kimoja cha ufito kinafika karatasi moja na nusu, yaani sentimita 45 hivi, na fungu lina vipande 9. Usipime ile ncha nyembamba inayoingia ndani ya kipande kinachofuata, maana hema likisimama haionekani. Tisa mara 45 ni sentimita 405. Ufito ukipinda, umbali kati ya miguu yake hupungua, kwa hiyo gawa kwa 1.4 upate kama sentimita 290 kutoka pembe hadi pembe. Gawa tena kwa 1.4 upate upande mmoja wa sakafu: mita 2 na kidogo. Hapo watu wawili na mabegi yao wanalala vizuri, na watatu wanalala wamebanana. Hema refu zaidi kwenda juu hupunguza sakafu kidogo, ila hesabu hii inatosha kumjibu muuzaji anayesema "la watu wanne."

Sasa, fungu moja likiwa na vipande 9 na jingine 8, kuna mambo mawili. Ama hilo si kuba, ama fito zimechanganywa na za hema jingine, na mchanganyiko huo ni wa kawaida pale vifaa vya safari nzima vinaporushwa kwenye rundo moja. Usibishane. Omba picha ya ncha za fito na ya mifereji ya kitambaa inayopitisha fito hizo. Watengenezaji wengi huweka rangi: ufito wenye ncha nyekundu huingia kwenye mfereji wenye alama nyekundu. Rangi zikikataana, ufito huo si wa hema hilo.

Namba mbili ni kuba la upepo, lenye fito nne, tano au zaidi zinazokatana sehemu nyingi. Fungu lake ni nene, mara nyingi likiwa na urefu wa aina mbili. Kwa upepo hakuna linalolishinda, na makampuni ya mlimani hulipenda. Nimeliweka la pili kwa sababu ya uzito, na kwa sababu ufito mmoja ukipotea, umbo zima hupwaya. Hakikisha kila ufito una mwenzake, isipokuwa ule wa kibaraza.

Namba tatu itawashangaza baadhi: hema la mgongo, lile la zamani lenye umbo la paa la nyumba. Fito zake hazipindi. Ni mabomba yaliyonyooka, mazito, mengine yakiwa na msumari kichwani unaopita kwenye tundu la kitambaa. Picha yake huonyesha pia kamba mbili ndefu kuliko nyingine, ya mbele na ya nyuma, na bila hizo nguzo zinalala chini. Mlimani ni mzigo wa bure kwa mgumu wako, yaani mpagazi. Ila bomba likipinda, fundi wa kuchomelea anakutengenezea jingine siku hiyohiyo, na kwa kambi ya skauti au ya kanisa sioni sababu ya kununua jingine.

Namba nne ni hema la handaki. Fito zake mbili au tatu hazikutani, kila moja hupinda peke yake kama tao, na urefu wake unaweza kutofautiana. Ndiyo maana linafanana sana na kuba lililochanganyiwa fito, na rangi za ncha ndizo zinazolitambulisha. Ndani lina nafasi nzuri, lakini halisimami mpaka vigingi vya mbele na vya nyuma vimeshika. Duluti kwenye udongo, sawa. Kwenye mawe utazunguka na kamba ukitafuta jiwe kubwa la kufungia.

La mwisho kwangu ni kuba la faibagilasi. Umbo ni lilelile la namba moja, tofauti iko kwenye ufito: ni mweusi au wa kijivu, na kila kiungo kina kikombe cha chuma kilichovimba kuliko ufito wenyewe. Kuza picha hapo kwenye kikombe. Ukiona mstari mweupe unaokwenda na urefu wa ufito, umeanza kupasuka, na nyuzi zake hukuchoma mikono. Aluminiamu nayo hupasuka kwenye mdomo wa bomba, ila hapo fundi anaweza kuvisha kipande cha bomba juu yake na kufunga kwa utepe.

Lastiki haipimwi kwa picha. Omba video fupi, aushike ufito kipande cha juu na kuuachia. Vipande vikivutana vyenyewe, lastiki ni nzima. Vikining'inia huku uzi unaonekana kati yake, imechoka, nawe punguza bei, usiache hema. Lastiki ya mviringo inabadilishwa.

Vigingi na kamba viangalie mwisho, kwa sababu hivi unaweza kununua kando. Kuba dogo linataka kama kumi: vinne vya pembe, viwili vya kibaraza, vinne vya kamba. Vile vya waya vilivyopinda kichwa kama ndoano hukunjwa na ardhi ngumu, vyenye umbo la V au Y hustahimili. Kamba hesabu kwa kikazio, kile kiplastiki chenye matundu kinachoteleza juu yake. Vikazio vinne, kamba nne. Zikiwa zimefungwa mafundo matupu, mwenye hema alizikata za awali, na hapo muulize kama vitanzi vya kufungia kamba kwenye ganda la nje bado vimeshonwa. Hivyo vikichomoka vinahitaji kushonwa upya pamoja na kiraka, na sehemu iliyotobolewa na sindano lazima ipakwe dawa ya kuzuia maji.