Kihisi cha SPI au cha I2C? Kagua rezista kabla ya kulipa

SPI na I2C ni njia mbili za kuunganisha kihisi na kidhibiti kidogo kwa nyaya. Lalamiko ninaloandikiwa mara kwa mara ni hili: kihisi kimoja cha I2C hufanya kazi vizuri, lakini kikiongezwa cha tano, vyote huanza kupotea na kurudi. Wengi hulaumu programu, ilhali kasoro iko kwenye bodi walizonunua.

Laini za I2C, SDA ya data na SCL ya saa, hushushwa na vifaa lakini hupandishwa na rezista tu, na karibu kila bodi ndogo huja na rezista zake. Tuseme umenunua bodi tano, kila moja ikiwa na rezista za omu 4,700. Zikiungwa sambamba hubaki omu 940, na kwa volti 3.3 kifaa kinachoshusha laini hadi volti 0.4 hulazimika kumeza takriban miliampea 3.1, wakati vifaa vingi vinahakikishiwa 3 tu. Kinyume chake, ukiwa na rezista moja ya omu 10,000 na waya mrefu wenye kapasitansi ya pikofaradi 200, laini huchukua takriban mikrosekunde 1.7 kupanda, ingawa kikomo kwa kilohezi 100 ni mikrosekunde 1. Kwenye osiloskopu utaona kingo zilizopinda badala ya kusimama wima. Kabla ya kuunga chochote, pima kwa multimeta kati ya SDA na pini ya umeme, bodi ikiwa imezimwa.

SPI haina tatizo hili, kwa kuwa kila laini husukumwa juu na chini na kifaa chenyewe. Gharama yake ni nyaya: vihisi vitano vinahitaji laini tatu za pamoja na tano za kuchagulia, jumla nane, badala ya mbili. Kasi isikuhadae, usomaji mmoja wa halijoto, unyevu na mgandamizo kwa I2C ya kilohezi 400 huchukua takriban robo ya milisekunde. Megahezi za SPI zina maana kwa skrini, kadi za kumbukumbu na vihisi vya mtetemo.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni BME280, kihisi cha Bosch cha halijoto, unyevu na mgandamizo, kwenye bodi yenye pini sita, kwa sababu inakubali njia zote mbili: ukianza na I2C ikakusumbua, utahamia SPI bila kununua tena. La pili ni bodi ya I2C ambayo rezista zake zinaweza kukatwa, ili ubakize jozi moja tu kwenye laini nzima.

Bodi za bei rahisi zenye pini nne naziweka mwisho, kwani zimefungwa kwenye I2C pekee. Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji wasiotaja thamani ya rezista popote, na wanaouza BMP280, isiyopima unyevu, kwa jina la BME280. Soma rejista 0xD0: BME280 halisi hujibu 0x60, na ukipata 0x58, dai pesa zako.