Krimu ya fangasi wa miguu na kinena: ipi ununue kwanza

Mlinzi mmoja wa zamu ya usiku alikuja dukani kwangu akiwa ametumia tyubu mbili za klotrimazoli kwa fangasi wa kinena. Kila akipona, baada ya wiki chache muwasho unarudi. Nikamwomba avue buti. Kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa na kupasuka. Kila alipovaa chupi, mguu ulipita ndani ya nguo na kupandisha fangasi kinenani. Alikuwa anatibu tawi, shina limo ndani ya soksi.

Kwa hali kama yake, naweka terbinafini ya asilimia 1 nafasi ya kwanza. Fangasi hawa huhitaji mafuta fulani kujengea utando wa seli zao. Terbinafini hukata ujenzi huo mapema, na mabaki yanayorundikana ndani ya seli huwaua. Ndiyo maana muda wake ni mfupi: kati ya vidole, mara mbili kwa siku kwa wiki moja, kinenani, mara moja kwa siku kwa wiki moja hadi mbili.

Nafasi ya pili ni klotrimazoli ya asilimia 1 au mikonazoli ya asilimia 2. Hizi kwa kawaida huzuia fangasi wasikue badala ya kuwaua, kwa hiyo zinahitaji subira: mara mbili kwa siku, wiki nne kwa miguu, mbili hadi nne kwa kinena. Zinafanya kazi vizuri, ila wengi huacha siku ya tano muwasho ukikoma, na hapo ndipo fangasi hupata nafasi ya kurudi. Ketokonazoli ya asilimia 2 naiweka karibu nazo.

Kabla ya kuangalia bei ya tyubu moja, piga hesabu ya dozi nzima. Krimu inayotoka kwenye tyubu kwa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Mlinzi wetu alihitaji nusu gramu kwa vidole vya miguu yote miwili na gramu moja kwa kinena. Kwa klotrimazoli, mara mbili kwa siku kwa siku 28, ni gramu 84, yaani tyubu tano za gramu 20. Kwa terbinafini, miguu ingemaliza gramu 7 na kinena gramu 14, jumla 21: tyubu mbili za gramu 15 zinatosha na kubaki. Mwulize muuzaji bei ya zote mbili kwa hesabu hiyo ndipo uamue.

Kuna mahali ambapo klotrimazoli hutangulia. Kama wekundu umeshika pumbu na una vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, huenda ni kandida, fangasi wa aina nyingine, na huyo hasikii terbinafini vizuri. Mjamzito pia aanze na klotrimazoli.

Ya mwisho kabisa, nisiyotaka uinunue, ni ile krimu ya mchanganyiko yenye betamethasoni au klobetasoli ndani. Soma boksi nyuma. Muwasho hutulia siku hiyohiyo, ndiyo maana inapendwa sana, lakini steroidi hizo huifunga kinga ya ngozi. Duara la fangasi hupoteza ukingo wake, fangasi wanasambaa chini kwa chini, na ngozi nyororo ya kinena inabaki na michirizi isiyofutika. Nimeona vijana wengi wakiumia hivi, na inaniuma. Nistatini nayo haiwaui fangasi hawa.

Paka miguu na kinena kipindi kimoja, ukivuka ukingo wa kidonda kwa upana wa vidole viwili. Ukitoka kuoga, futa kinena kwanza, miguu mwisho, au tenga taulo la miguu. Vaa soksi kabla ya chupi. Hili peke yake lingemwokoa mlinzi yule. Soksi, chupi na taulo vifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60, kisha vikauke kabisa. Buti ziwe jozi mbili za kupokezana, kila moja ipate siku nzima ya kukauka. Asiwepo wa kuazima ndala za bafuni, na mwingine nyumbani mwenye dalili atibiwe wakati huohuo.

Ukiwa na kisukari, ukucha ukiwa mnene na wa njano, au wiki mbili za terbinafini zikipita bila nafuu yoyote, nenda hospitali ngozi ikwanguliwe na kupimwa. Kucha zilizoshikwa huhitaji vidonge mara nyingi, na fangasi sugu kwa terbinafini wapo siku hizi.