Nyumba nyingi, makaratasi mengi: uchukue mfumo gani wa kutunza mikataba, risiti, picha na ankara za mafundi

Watu wengi wakitafuta mfumo wa kutunza makaratasi ya nyumba za kupangisha wanaanza kuuliza ipi rahisi, ipi ina muonekano mzuri, ipi ya bure. Mimi ningesema anza na swali moja tu kabla hujatoa hela: ankara moja ya fundi iliyogusa yuniti tatu, mfumo huu unaiweka wapi? Maana hapo ndo mifumo mingi inapokwama. Mkataba una yuniti moja na mpangaji mmoja, hauna shida. Picha za ukaguzi hivohivo. Ila fundi bomba akija anapita B05, B07 na C02 siku moja afu anakuandikia karatasi moja, na ukiiweka kwenye folda ya B05 basi B07 na C02 hawana ushahidi, ukiinakili mara tatu mwisho wa mwaka unajikuta umehesabu gharama ileile mara tatu.

Chukulia kesi hii maana ndo nitakayoitumia kupima kila chaguo. Mpangaji wa B07 kahama, kabati la chini ya sinki limevimba na limeoza, wewe unataka kukata kwenye depoziti, yeye anasema uvujaji haukuwa wake. Ili mmalizane mnahitaji vitu vinne mezani: kipengele cha mkataba kinachosema nani anatengeneza nini, picha ya kabati siku anaingia, ankara za mafundi waliogusa lile sinki kipindi chake, na picha ya siku anatoka. Ukivipata vyote ndani ya dakika tano mfumo wako ni mzuri, ukihitaji jioni nzima kuvitafuta basi haufai hata kama umeulipia.

Namba 1: folda za mtandaoni pamoja na jedwali moja

Kwa mtu wa yuniti kumi mpaka kama thelathini hivi, hii ndo ninayoipa nafasi ya kwanza. Google Drive, OneDrive au Dropbox, yoyote uliyoizoea, na pembeni yake jedwali la Google Sheets au Excel. Kinacholeta tofauti ni jinsi unavyopanga. Usipange kwa yuniti peke yake, panga kwa yuniti na kipindi cha upangaji, kwa sababu B07 ya mpangaji wa jana na B07 ya mpangaji wa leo ni kesi mbili tofauti kabisa, picha zikichanganyika huwezi kujua ukuta ulichafuka enzi za nani. Ankara za mafundi usiziingize kwenye folda za yuniti hata kidogo, zipe folda yake ya mwaka, na yuniti zote zilizoguswa ziandike kwenye jina la faili:

```
B07/2023-08_2025-01/
    1-mkataba/
    2-picha-kuingia/
    3-risiti/
    4-picha-kutoka/
Ankara/2024/
    2024-05-18_fundi-bomba_0412_B05-B07-C02.pdf
```

Tarehe unaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili faili zijipange zenyewe kwa mfuatano. Yuniti ziandike na sifuri, B07 sio B7, la sivyo B10 itakaa juu ya B7 kwenye orodha na ukitafuta "B1" utaletewa nusu ya jengo.

Sasa ile ankara namba 0412 kwenye jedwali unaiandika mistari mitatu, kila yuniti na sehemu yake ya gharama, namba ya ankara ni ileile na kiungo cha faili ni kilekile. Faili moja, mistari mitatu. Safu ni tarehe, yuniti, aina, namba ya ankara, kiasi, kiungo. Ukitaka kujua B07 imekula kiasi gani kwa mafundi unaandika hivi:

```
=SUMIFS(E:E;B:B;"B07";C:C;"fundi")
```

(Kompyuta nyingine zinataka koma badala ya nukta-mkato, ikigoma badilisha.) Na kabla hujafunga jedwali jumlisha ile mistari mitatu uone inalingana na jumla iliyoko kwenye karatasi ya fundi, kosa la kugawanya linaonekana hapohapo.

Turudi kwa B07. Unachuja jedwali kwa yuniti, ile ankara ya Mei 2024 inatokea, unaifungua unakuta fundi kaandika kabadilisha bomba lililopasuka chini ya sinki kwa uchakavu. Picha ya kuingia inaonyesha kabati kavu, ya kutoka inaonyesha limevimba kuanzia chini. Yani maji yalitoka kwenye bomba lako lililozeeka, na kipengele cha mkataba kinasema mabomba ya ndani ya kuta na chini ya masinki ni ya mwenye nyumba. Hapo huna cha kukata, unamrudishia mtu hela yake na hamjagombana. Siku nyingine makaratasi yatakuwa upande wako, ila yasipokuwepo mnabaki na maneno tu.

Nafasi ya kuhifadhi ndo kitu cha kuhesabu kabla hujanunua. Picha ya simu za siku hizi inakula kama MB 4. Ukaguzi mmoja wa picha 50 ni MB 200, yuniti 30 zikikaguliwa mara mbili kwa mwaka ni GB 12. Google inakupa GB 15 za bure, ila ni za pamoja kati ya Drive, Gmail na picha, OneDrive wanatoa 5 na Dropbox 2. Kwa hiyo bure ya Google haimalizi mwaka wa pili, na ikijaa barua pepe mpya zinakataliwa pia, ankara ya fundi inagonga mwamba na wewe hujui. Lipia nafasi mapema, ndo gharama pekee ya maana kwenye chaguo hili.

Vitu viwili vinaharibu mfumo huu. Cha kwanza ni msimamizi kupakia picha kwa akaunti yake binafsi, kwenye Drive ya kawaida faili aliyopakia inabaki mali yake hata ikiwa ndani ya folda yako, siku akiondoka na kufuta akaunti picha zinaenda nae. Fungua akaunti ya biashara, simu ya ukaguzi itumie hiyo. Cha pili ni kudhani kwamba faili zikishakuwa mtandaoni basi zina bakapu. Ukifuta folda kwenye kompyuta iliyounganishwa na Drive inafutika na kule, na takataka za Drive zinajisafisha baada ya siku 30. Kila mwezi nakili kila kitu kwenye diski ya nje na uichomoe.

Namba 2: programu maalum za usimamizi wa nyumba

Hizi kina Buildium na AppFolio zina sehemu ya mikataba, kodi, matengenezo na hati, zote pamoja. Zinafaa ukishakuwa na yuniti nyingi kiasi cha kuwa na watu wa ofisi, mmoja anapokea kodi mwingine anaita mafundi, hapo jedwali linaanza kuvurugwa na mikono mingi. Uzuri wake ni kwamba mkataba ukikaribia kuisha unakumbushwa, na ombi la matengenezo linafuatana na ankara yake mpaka kwenye malipo.

Ila usinunue kwa kuangalia video ya maonyesho. Omba kipindi cha majaribio, ingiza yuniti tatu za kweli, ingiza na ile ankara ya pamoja uone kama inagawanyika au inakulazimisha uchague yuniti moja. Halafu, na hili ndo muhimu kuliko yote, jaribu kutoka. Bonyeza sehemu ya kutoa data yako yote uone unapata nini. Zipo ambazo zinakupa namba kwenye CSV, yani faili ya jedwali inayofunguka kwa Excel, vizuri kabisa, ila hati na picha unatakiwa uzipakue moja moja, na kwa mwenye picha elfu kadhaa hiyo maana yake umefungwa humo. Angalia pia kama picha unayopakua ina ukubwa uleule uliopakia na tarehe yake ya kupigwa, kama imepunguzwa basi picha halisi ziweke kwenye folda zako mwenyewe.

Namba 3: Paperless-ngx

Hii ni programu ya kutunza hati, ya bure, chanzo huria, unaiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe, kawaida kwa Docker, yani programu ya kuendeshea programu nyingine. Kwa ankara na risiti kiukweli ni nzuri kuliko zote, hati moja unaipa lebo nyingi unavyotaka kwa hiyo B05, B07 na C02 zinakaa pamoja bila kunakili chochote, na inasoma maandishi ya ndani ya skani kiasi kwamba ukitafuta "bomba" inakuletea. Inaweza pia kuchota ankara kutoka kwenye barua pepe yenyewe. Kama makaratasi yako ni ya Kiswahili usisahau mistari hii kwenye mipangilio yake, maana lugha haiji nayo:

```
PAPERLESS_OCR_LANGUAGES=swa
PAPERLESS_OCR_LANGUAGE=swa+eng
```

Nimeiweka ya tatu kwa sababu mbili. Risiti ya kuandikwa kwa mkono haisomi vizuri, hizo lazima uandike mwenyewe kichwa na lebo. Na ikizimika ni wewe wa kuiwasha, bakapu ni yako, kama huna mtu wa kompyuta wa karibu achana nayo. Picha za ukaguzi usiziweke humo, imetengenezwa kwa hati.

Namba 4: boksi faili

Karatasi peke yake haitoshi kwa yuniti nyingi, ila mkataba halisi uliosainiwa utunze, boksi moja kwa jengo na kigawanyio kwa kila yuniti. Risiti zinazotoka kwenye mashine za joto zinafifia zenyewe, zikikaa kwenye gari au karibu na dirisha ndo haraka zaidi, kwa hiyo skani siku hiyohiyo, apu ya Drive yenyewe ina skana inayotoa PDF. Na usije ukapeleka risiti ya aina hiyo kwenye laminesheni, ile joto inaigeuza nyeusi yote.

Namba 5: galari ya simu na magrupu ya WhatsApp

Ndo wengi tulipo na ndo pabaya zaidi. WhatsApp ikituma picha kama picha inaibana na kuondoa taarifa za lini ilipigwa, kwa hiyo ile ufa mdogo kwenye sinki unakuwa ukungu na tarehe huwezi kuithibitisha. Kama msimamizi hana njia nyingine mwambie atume kama faili, sio kama picha, hapo inafika kamili. Picha ya kwanza ya kila ukaguzi iwe mlango wenye namba ya yuniti, kisha mita za maji na umeme, kisha kila chumba kutoka mlangoni kabla ya kusogelea, maana picha ya karibu peke yake haionyeshi ni ukuta wa chumba kipi. Ukishazihamisha kwenye folda ya kipindi husika, fungua mbili tatu uhakikishe zinafunguka, ndo ufute za kwenye simu.