Mfuko upi wa kuzuia maji ubebe simu na vyeti botini?

Ukivuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, Mafia, wakati wa kusi, unaweza kulowa chepechepe bila boti kupata tatizo lolote. Wimbi hupiga ubavuni na kukumwagikia, na mzigo ulio chini hukutana na maji ya ngama. Nimepanga mifuko kwa kuangalia safari ya namna hiyo.

Wa kwanza ni mfuko wa turubai wa kukunja mdomo, na lita 10 zinamtosha mtu mmoja. Kinachozuia maji ni mikunjo ya mdomo: ukunje mara tatu au zaidi, kisha ndipo uunganishe ncha zake mbili. Wengi hujaza mpaka juu, wakabaki na nafasi ya mkunjo mmoja tu, halafu wakilowa wanalaumu mfuko. Acha shubiri nzima tupu. Hata hivyo haukutengenezwa kukaa chini ya maji, kwa hiyo botini uweke mdomo juu.

Kabla ya kulipa, ugeuze nje ndani uangalie maungio. Yaliyoyeyushwa kwa joto ndiyo mazuri. Yaliyoshonwa kwa uzi yana matundu ya sindano yaliyofunikwa kwa utepe, na utepe ukibanduka maji yana njia. Kisha ujaze hewa, ukunje, uufunge na kuukandamiza kwa goti. Ukibaki mgumu kama mpira, nunua. Ukilegea, paka maji ya sabuni kwenye maungio kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha: povu litakuonyesha panapovuja. Muuzaji akikukatalia jaribio hili, nenda duka jingine.

Wa pili ni kipochi cha simu cha plastiki angavu. Chagua chenye kibano kigumu cha kugeuza, si kile cha zipu ya kubana kwa vidole, maana chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye zipu hiyo huacha upenyo usiouona. Usiamini maandishi ya IPX8, alama ya kuhimili kuzamishwa majini, yaliyochapwa juu yake mpaka ujaribu mwenyewe. Weka tishu kavu na kijiko kizito ndani, funga, zamisha kwenye ndoo nusu saa. Toa, futa nje vizuri, ndipo ufungue. Tishu ikiwa na unyevu hata kwenye kona, kipochi hicho hakifai. Rudia kabla ya kila safari, kwani plastiki hupasuka pale inapokunjwa. Na kama simu yako yenyewe ina alama kama hiyo, IP68, kumbuka ilipimwa kwa maji baridi, si ya chumvi.

Wa tatu ni mifuko ya zipu ya jikoni. Peke yake siipendekezi botini, ila vyeti viwili vitatu ndani ya mifuko miwili, halafu ndani ya turubai, viko salama. Usivichanganye na kanga mbichi, kwani mvuke wake utavilowesha humo humo ndani.

Wa mwisho ni mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Fundo halizuii maji, hata ulikaze vipi.