WireGuard kwenye ruta ya nyumbani: miezi minane, safari tano, usiku mmoja wa kuhangaika

Mimi ni mpiga picha. Faili zangu zote zipo kwenye diski ya mtandao nyumbani Tabata, nyuma ya ruta ya MikroTik yenye RouterOS 7. Sikutaka kuifungulia diski mlango wa moja kwa moja intaneti, ndipo nikawasha WireGuard, VPN inayonipitisha kwa siri mpaka nyumbani nikiwa safarini, humo humo kwenye ruta.

Kuiweka kulinichukua jioni moja, na muda mwingi haukuliwa na WireGuard. Anwani ya nje ya ruta ilikuwa inaanza na 100.72, yaani mtoa huduma ametuweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo hakuna muunganisho wa kutoka nje utakaokufikia. Nikaomba anwani ya umma, nikaongezewa ada ya mwezi. Kwenye ngome ya ruta, hakikisha ruhusa ya UDP 51820, mlango wa WireGuard yangu, inakaa juu ya kanuni ya kuzuia. Ikikaa chini haina kazi.

Jambo moja ulijue mapema: WireGuard haisemi. Asiye na ufunguo sahihi hajibiwi chochote, na hilo ndilo nililolipenda. Lakini hata wewe ukikosea ufunguo hupati ujumbe wa kosa. Tazama tu programu: baiti zinazotumwa zinapanda, zinazopokelewa zimegoma kwenye sifuri.

Kisa chenyewe ni cha Mwanza. Saa nne usiku, gesti, mteja anataka picha zake. Nikawasha, `Latest handshake` ikaonyesha sekunde chache, yaani ruta imeitika, baiti zinakuja, diski haifunguki! Nikawasha bando la simu, ikafunguka papo hapo. Nikarudi waifai ya gesti, kimya.

Kumbe gesti nao wanatumia 192.168.1.x kama mimi. Kompyuta yangu ilikuwa inaitafuta diski, 192.168.1.20, mle mle gesti. Kosa ni langu: MikroTik huja na 192.168.88.x, mimi nikaibadilisha ili nisihangaike na mipangilio ya zamani ya diski.

Dawa ya usiku ule niliiweka kwenye kompyuta tu, bila kugusa ruta. Awali, kwenye orodha ya anwani za kupitia WireGuard, nilikuwa nimeandika mtandao mzima, `192.168.1.0/24`. Nikaacha anwani ya diski peke yake; 10.9.0.x ni mtandao wa WireGuard yenyewe:

```
AllowedIPs = 10.9.0.0/24, 192.168.1.20/32
```

Njia inayotaja anwani moja huishinda inayotaja mtandao mzima, kwa hiyo safari ya kwenda diski ikapita kwenye WireGuard, mengine yakabaki gesti. Picha zikaanza kushuka, polepole, maana kasi yako ni ile ya kupandishia ya nyumbani.

Niliporudi nikahamishia nyumba nzima 10.47.12.x. Printa ndiyo iliyonisumbua, mpaka leo mke wangu ananidai.