Kipindupindu: anayesubiri dalili na asiyeugua kabisa

Watu wawili wa Likoni wamekunywa maji ya kisima kimoja chenye vimelea Jumatatu. Wa kwanza aanza kuharisha Jumatano. Siku hizo mbili ndizo kipindi cha kuatamia, ambacho kwa kipindupindu huwa saa 12 hadi siku 5. Wa pili afika Jumapili mzima. Kwa maji yale hatarajiwi kuugua tena. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani hana vimelea, kwani huenda ameambukizwa bila dalili, na kinyesi chake kitatoa vimelea siku 1 hadi 10 tangu aambukizwe. Anapika, anateka maji, nani atamshuku? Hivyo klorini kisimani na sabuni baada ya choo ni za nyumba nzima, wagonjwa kwa wazima.